Data Zitakaa Wapi, Atazigusa Nani, Hadi Lini?

Katika maombi mengi ya kibali cha maadili ya utafiti kuna aya moja ambayo huandikwa mwisho kabisa, baada ya malengo, mbinu na bajeti kukamilika. Huwa fupi, na ya mwombaji huyu hufanana na ya yule: “Data zote zitahifadhiwa kwa usiri mkubwa katika kompyuta yenye nywila. Watafiti pekee ndio watakaozifikia. Data zitatunzwa kwa miaka mitano, kisha zitaharibiwa.” Kamati ya maadili huirudisha na neno “fafanua” pembeni. Mwombaji asiyejua kinachotafutwa huongeza maneno ya kutia uzito, kama vile usiri wa hali ya juu, ulinzi madhubuti, au uzingatiaji wa sheria zote husika. Aya huirefuka, nayo kamati huirudisha tena.

Kasoro yake haiponi kwa kuongeza maneno, kwa sababu hakuna hata sentensi moja kati ya zile tatu inayoweza kukaguliwa. Tuchukulie mtu anaishika karatasi hiyo mwaka mmoja baadaye, anaingia ofisini kwa mtafiti na kutaka kujua kama ahadi imetimizwa. Ataangalia kompyuta ipi? Atauliza majina ya kina nani? Miaka mitano ataihesabu kuanzia siku gani? Aya nzuri ni ile inayompa mgeni huyo majibu bila kumuuliza mwandishi wake kitu.

Tanzania jambo hili lina uzito wa kisheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 na ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ndiyo inayoisimamia. Habari za afya ya mtu zimo katika kundi la taarifa nyeti. Lakini mtafiti anayeandika tu kwamba “sheria itazingatiwa” hajaiambia kamati lolote. Sheria itamtaka ajue alichonacho, kiko wapi na kwa nini bado anacho, yaani yale yale ambayo kamati inamuuliza.

Nitaipitia aya hiyo kwa mfano mmoja. Mfano wenyewe ni wa kutunga, ila vipande vyake ni vya kila siku katika tafiti za namna hii. Mwanafunzi wa uzamili anataka kuwahoji wanawake 24 wanaoishi na VVU na wanaonyonyesha, wanaohudhuria kliniki ya tiba na matunzo katika kituo kimoja cha afya wilayani Pangani. Anataka kujua nini huwafanya wakose miadi. Atawahoji pia wauguzi wanne wa kituo hicho. Kila mahojiano ni kama dakika 50, yatarekodiwa kwa kinasa sauti, kisha mnukuzi wa kulipwa atayaandika. Kila mama atarudishiwa nauli.

Hatua ya kwanza ni kuliacha neno “data” kwa muda na kuandika orodha ya vitu. Utafiti mdogo kama huu huzaa vitu vingi kuliko inavyodhaniwa, na kila kimoja kina hatari yake. Zipo sauti, ambazo zinamtambulisha mtu hata kama hakutaja jina, kwa kuwa mji ni mdogo na watu wanajuana kwa kusikia. Yapo maandishi ya mahojiano. Zipo fomu za ridhaa zenye jina na sahihi. Ipo orodha ya namba za simu ambayo muuguzi alimpa mtafiti kwa ajili ya kupanga siku za mahojiano. Upo ufunguo, yaani karatasi au faili inayosema kuwa M07 ni fulani. Lipo daftari la mtafiti la uwandani. Na ipo orodha ya nauli.

Orodha ya nauli ndiyo nitakayokaa nayo zaidi, kwa sababu hukosekana karibu katika kila aya ya data ninayoisoma, na ndiyo yenye majina yaliyo wazi kuliko vitu vingine vyote. Mwanafunzi amechukua masurufu chuoni ili awalipe washiriki. Akirudi anatakiwa kuyarejesha, na mhasibu anataka karatasi yenye jina, kiasi, namba ya simu na sahihi ya kila aliyepokea. Juu ya karatasi hiyo kuna kichwa cha mradi. Kama kichwa kinasomeka “Mahudhurio ya kliniki miongoni mwa wanawake wanaonyonyesha wanaoishi na VVU, Pangani”, karatasi hiyo ni orodha ya hali ya afya ya wanawake 24 kwa majina yao kamili. Inapita kwa karani, kwa mhasibu, kwa mkuu wa idara anayeidhinisha, kisha inaingia katika jalada la malipo inakosubiri mkaguzi wa hesabu. Mtafiti ameficha majina katika maandishi ya mahojiano kwa uangalifu mkubwa, na wakati huohuo ameyapeleka yote ofisi ya uhasibu. Hawezi kuyarudisha wala kuyachana, kwa sababu kumbukumbu za fedha zina taratibu zake za utunzaji ambazo yeye hana mamlaka nazo.

Malipo kwa simu hayaondoi tatizo. Fedha ikitumwa kwa M-Pesa kutoka akaunti ya mradi, jina la mpokeaji na la mtumaji hubaki katika kumbukumbu za kampuni ya simu na katika taarifa ya miamala itakayoambatishwa kwenye hesabu. Na simu ya mama huenda inashikwa na mume au mkwe, naye akasoma ujumbe wa malipo.

Dawa yake hupatikana kwa kuzungumza na mhasibu kabla maombi hayajaandikwa. Baadhi ya vyuo hukubali orodha yenye namba za washiriki badala ya majina, ikiwa na sahihi ya mtafiti na ya shahidi mmoja, kwa mfano muuguzi wa kliniki, kuthibitisha kwamba kila mtu alipokea fedha yake. Pale ambapo mhasibu hawezi kupokea orodha isiyo na majina, kinachobaki ni kutenganisha majina na ugonjwa. Orodha ibebe kichwa kisichotaja VVU, mathalani “Utafiti wa Afya ya Mama, Pangani”, isiwe na namba za mahojiano, na jalada la malipo lisiambatishwe andiko zima wala barua ya kibali yenye kichwa kirefu. Hapo ndipo waombaji wengi huteleza. Orodha ya nauli imesafishwa, ila ukurasa unaofuata katika jalada lilelile ni barua inayosema utafiti ulihusu nini na ulifanyika kituo gani. Njia rahisi ni kuupa utafiti wenyewe kichwa cha wastani tangu mwanzo, ili kila karatasi inayotoka isomeke hivyo. Na kama majina yatabaki uhasibu, mama aambiwe hivyo katika fomu ya ridhaa, kwa lugha anayoielewa, kabla hajasaini.

Ukishaiona orodha ya nauli, fomu ya ridhaa nayo huonekana kwa jicho jipya. Katika utafiti ambao kigezo cha kushiriki ni ugonjwa, rundo la fomu zilizosainiwa ni orodha nyingine ya wagonjwa. Mwombaji ana nafasi ya kuiomba kamati iruhusu ridhaa ya mdomo, ambapo mtafiti na shahidi ndio wanaosaini, akieleza kwamba sahihi ya mama ingekuwa kumbukumbu inayomfunga na utafiti. Kamati inaweza kukubali au kukataa. Ikikataa, fomu zikae mbali na vitu vingine vyote, na zisiandikwe namba ya mshiriki. Watafiti wengi huandika M07 kwenye kona ya fomu ili kupanga kazi yao. Namba hiyo ikishaandikwa, fomu imegeuka ufunguo, na hata faili la ufunguo likifutwa siku iliyoahidiwa, nakala yake ingali kabatini.

Sasa tuje kwenye uhifadhi. “Kompyuta yenye nywila” ni maneno yenye faraja kubwa kuliko ulinzi yanaoutoa. Nywila ya kufungulia kompyuta inamzuia mtu aliyekaa mbele ya kioo. Haimzuii aliyeiba kompyuta, akatoa diski yake na kuichomeka kwenye mashine nyingine, kwa kuwa mafaili yenyewe hayajafichwa na yatasomeka kama kawaida. Kinachozuia hilo ni usimbaji fiche, ambapo faili lenyewe hugeuzwa herufi zisizosomeka mpaka nywila sahihi iingizwe. Diski nzima inaweza kusimbwa, kwa BitLocker kwa mfano katika matoleo ya Windows yaliyo nayo, au mtafiti akatengeneza hifadhi iliyosimbwa ndani ya kompyuta kwa VeraCrypt, programu ya bure, na kila kitu cha utafiti kikaa humo. Aya itaje njia ipi imechaguliwa. Itaje pia jambo ambalo husahaulika: nywila ya hifadhi iliyosimbwa ikipotea, data zimepotea nayo, hakuna fundi atakayezirudisha. Kwa hiyo nakala ya nywila iandikwe, iwekwe katika bahasha iliyofungwa, na bahasha ikae katika kasha la idara chini ya msimamizi.

Kituo cha hatari zaidi katika safari ya data ni saa chache za mwanzo, pale kinasa sauti kinapotoka chumba cha mahojiano. Vinasa vingi vya bei ya kawaida havisimbi chochote, na mtu yeyote akikiokota atabonyeza kitufe na kusikiliza. Aya lazima iseme ni muda gani sauti itakaa humo. “Siku hiyohiyo, kabla ya mtafiti kulala, sauti itahamishiwa kwenye hifadhi iliyosimbwa, itasikilizwa mwanzo na mwisho kuhakikisha imefika, kisha itafutwa kwenye kinasa” ni ahadi inayoweza kutimizwa hata kwenye nyumba ya wageni yenye umeme wa kubahatisha, ilimradi kompyuta iwe na chaji. Wanaotumia simu kurekodi wana kazi ya ziada. Programu nyingine za kurekodi hupeleka nakala mtandaoni zenyewe, kwenye akaunti ya mwenye simu, bila kumuuliza kila mara. Mtafiti aijaribu programu hiyo nyumbani kwanza, azime nakala za mtandaoni, na aandike kwenye maombi kwamba imezimwa.

Wanaokusanya majibu kwa dodoso la simu kupitia KoBoToolbox au mifumo ya aina hiyo waseme pia seva iko nchi gani. Waandishi wa maombi huandika “itahifadhiwa kwenye wingu” kana kwamba wingu halina mahali, ilhali data hizo zinakaa kwenye mashine zilizo katika nchi fulani, chini ya sheria za nchi hiyo. Tanzania ina masharti kuhusu taarifa binafsi zinazotoka nje ya mipaka, na utafiti wa afya unaopeleka data nje huhitaji makubaliano ya kuhamisha data. Mwanafunzi wetu wa Pangani anaweza kuepuka suala hili kwa kuacha kila kitu kwenye kompyuta mbili na diski moja ya nje. Mwingine hawezi, na yeye aseme.

Swali la nani atazifikia lina mtego wake. “Watafiti pekee” haiwi kweli hata katika utafiti wa mtu mmoja. Saa moja ya sauti humchukua mnukuzi mzoefu kama saa nne mpaka sita kuiandika. Mahojiano ya mwanafunzi wetu na kina mama pekee ni saa 20, yaani kazi ya saa 100 hivi, na ndiyo maana bajeti yake ina fungu la mnukuzi. Mnukuzi huyo ndiye atakayesikia kila sauti, na kila jina lililotajwa kwa bahati mbaya, jina la mtoto, la mume, la mtaa. Anasikia mengi kuliko msimamizi wa utafiti. Hata hivyo katika aya ya data hayumo.

Mjumbe wa kamati mwenye uzoefu hulibaini hili kwa kufungua ukurasa wa bajeti. Kila anayelipwa na utafiti akiguswa na data, lazima aonekane katika sehemu ya data, na pawepo maelezo anapewa nini, kwa njia gani, na anakirudishaje. Njia ndiyo inayoharibika. Sauti za kinasa zilizorekodiwa bila kubanwa ni nzito, dakika 50 hufikia megabaiti 500, hazipiti kwenye barua pepe, na saa tano usiku mtafiti aliyechoka atazituma kwa WhatsApp. Kuanzia hapo kuna nakala kwenye simu yake, kwenye simu ya mnukuzi, na pengine kwenye hifadhi ya mtandaoni ya kila mmoja wao. Mwanafunzi wetu aliweka kinasa kwenye MP3, ambayo hupunguza uzito kufikia sehemu ya kumi hivi, na akaamua mnukuzi afanye kazi katika chumba cha idara, kwenye kompyuta ya idara, kwa vipokea sauti, bila kuondoka na faili lolote. Ni usumbufu, na mnukuzi atadai nauli. Lakini sentensi yake sasa ni ya kweli.

Wapo wengine wanaostahili kutajwa. Msimamizi anahitaji kuona nini, sauti au maandishi yaliyokwisha kuondolewa majina? Kwa kawaida maandishi yanatosha. Kamati ya maadili yenyewe ina haki ya kuja kukagua, na mshiriki aelezwe. Na wauguzi wa kituo, ambao waliwaelekeza kina mama kwa mtafiti, wasipate kitu chochote. Hilo liandikwe wazi, kwa sababu mama aliyesema kwamba anakosa miadi kutokana na lugha ya muuguzi fulani anarudi kwa muuguzi huyohuyo mwezi unaofuata.

Wauguzi wanne nao wana hatari yao. Maandishi yanaweza yasiwe na jina hata moja na bado mtu akatambulika. Kituo kina muuguzi mmoja wa kiume, mmoja aliyekaribia kustaafu, mmoja aliyehamia kutoka Kigoma. Ukinukuu “muuguzi wa kiume, miaka 29”, umemtaja. Marekani mwaka 1997 Latanya Sweeney, aliyekuwa mwanafunzi wakati huo, alimtambua gavana wa Massachusetts katika rekodi za hospitali ambazo majina yalikuwa yameondolewa, kwa kulinganisha tarehe ya kuzaliwa, jinsia na namba ya eneo la posta na daftari la wapiga kura. Katika kituo chenye wauguzi wanne hahitajiki hata daftari. Kwa hiyo mwombaji aeleze nini kitaondolewa zaidi ya jina: umri utatajwa kwa makundi au usitajwe, jinsia ya wauguzi haitaandikwa, kituo hakitatajwa kwa jina katika ripoti yoyote. Na asitumie maneno “data zisizo na utambulisho” wakati ufunguo bado upo. Mpaka siku ufunguo utakapoharibiwa, data zake ni za namba tu, na mwenye ufunguo anaweza kumfikia kila mtu.

Ufunguo huo ndio unaotupeleka kwenye muda. “Miaka mitano” ina kasoro mbili. Haisemi kuanzia lini, na inavifunga vitu vyote katika muda mmoja wakati kila kimoja kina sababu yake ya kuwepo na siku yake ya kuondoka. Orodha ya namba za simu haina kazi tena mahojiano yakiisha. Kwa nini ikae miaka mitano? Ufunguo una kazi moja ya haki, nayo ni kumwezesha mama anayebadili mawazo kusema “ondoeni maneno yangu”, na mtafiti aweze kuyapata na kuyaondoa. Basi fomu ya ridhaa itaje tarehe ya mwisho ya kujitoa, na ufunguo uharibiwe siku inayofuata. Baada ya hapo hawezi tena kujitoa, kwa kuwa hakuna anayejua yapi ni yake, na aambiwe hivyo mapema. Fomu nyingi huahidi “unaweza kujitoa wakati wowote na data zako zitafutwa”. Ahadi hiyo haitekelezeki baada ya ufunguo kuondoka, wala baada ya tasnifu kuchapishwa.

Sauti ni mvutano wa kweli. Kwa usalama wa mama, ingefaa ifutwe mara maandishi yanapohakikiwa. Kwa uthabiti wa utafiti, mtahini anaweza kutaka kuthibitisha kwamba nukuu imo. Sioni jibu moja la wote. Kwa utafiti huu, ambapo sauti peke yake inatosha kumfichua mtu katika mji mdogo, ningeitanguliza hoja ya mama: maandishi yahakikiwe mstari kwa mstari dhidi ya sauti, msimamizi asikilize sehemu ya mahojiano machache na kusaini kwamba yanalingana, kisha sauti zifutwe bila kungoja mtahini.

Kuharibu nako kunahitaji maelezo. Faili lililotupwa kwenye pipa la kompyuta lipo bado. Hata programu zinazoandika juu ya faili la zamani haziaminiki kwenye flashi, kadi za kumbukumbu na diski za kisasa zisizo na sahani inayozunguka, kwa sababu vifaa hivyo huhamisha data vyenyewe kutoka chumba kimoja kwenda kingine ndani ya chipu na kuacha nakala nyuma. Hiyo ndiyo faida nyingine ya kusimba tangu siku ya kwanza: hifadhi ikifutwa na bahasha yenye nywila ikachanwa, mabaki yoyote yaliyosalia kwenye diski hayasomeki. Kadi ya kumbukumbu ya kinasa, ambayo haikusimbwa, ivunjwe. Ni ya bei ndogo, na gharama yake iwekwe kwenye bajeti.

Baada ya kazi hiyo yote, aya ya mwanafunzi wetu inasomeka hivi:

“Mahojiano yatarekodiwa kwa kinasa sauti cha idara kati ya Juni na Agosti 2026. Siku hiyohiyo sauti itahamishiwa kwenye hifadhi iliyosimbwa kwa VeraCrypt katika kompyuta ya mtafiti na kufutwa kwenye kinasa. Nakala moja, iliyosimbwa vivyo hivyo, itakuwa kwenye diski ya nje iliyofungiwa katika kabati la chuma la idara. Nywila wanayo mtafiti na, katika bahasha iliyofungwa, msimamizi. Mnukuzi mmoja, atakayesaini kiapo cha usiri, atasikiliza sauti katika chumba cha idara tu na hatachukua nakala. Msimamizi atasoma maandishi yaliyoondolewa majina, na atasikiliza sehemu za sauti kwa ajili ya uhakiki. Watumishi wa kituo hawatapata data yoyote. Orodha ya simu itaharibiwa tarehe 1 Septemba 2026. Mshiriki anaweza kujitoa hadi tarehe 30 Septemba 2026, na ufunguo utaharibiwa tarehe 1 Oktoba 2026. Sauti zitafutwa na kadi ya kinasa kuvunjwa mara maandishi yatakapohakikiwa, na si zaidi ya tarehe 31 Desemba 2026. Fomu za ridhaa, zisizo na namba za mahojiano, zitakaa katika kabati tofauti la idara, na maandishi yasiyo na majina yatakaa katika hifadhi iliyosimbwa ya idara, vyote hadi tarehe 31 Desemba 2031. Mtafiti akishahitimu, mtunzaji ni mkuu wa idara kwa cheo chake. Uharibifu wa kila kitu utaandikwa kwenye fomu yenye tarehe na sahihi mbili, na nakala kupelekwa kwa kamati. Orodha ya malipo ya nauli itakuwa na namba tu, kama ilivyokubaliwa na mhasibu kwa barua iliyoambatishwa.”

Ni ndefu kuliko ile ya awali mara kadhaa, na sidhani kama kuna sentensi ya kuondoa. Ile inayosema “kwa cheo chake” ina kazi kubwa kuliko inavyoonekana. Mwanafunzi wa uzamili humaliza baada ya miaka miwili na kwenda kazini Dodoma au Mwanza, na kompyuta yake huuzwa au hupewa mdogo wake. Kama mtunzaji ni yeye, miaka mitano ya ahadi inasafiri naye.

Kabla ya kuwasilisha, aya hiyo ilinganishwe na karatasi nyingine za maombi, kwa sababu wajumbe wa kamati ndivyo wanavyosoma. Tarehe ya kujitoa iliyomo kwenye fomu ya ridhaa ya Kiswahili iwe ileile iliyomo kwenye tafsiri yake. Andiko lisiseme “simu itatumika kurekodi” wakati aya inasema kinasa. Mfadhili asiwe ameahidiwa kwamba maandishi yatawekwa wazi kwa watafiti wengine ilhali mama ameambiwa yatasomwa na watu watatu. Hitilafu ya mwisho ni ngumu kurekebisha baadaye, maana kumrudia kila mshiriki kuomba ridhaa mpya kunahitaji namba za simu, nazo zimekwisha haribiwa.

Kinachobaki ni yale yatakayokwenda kinyume na mpango. Kinasa kitaharibika Pangani siku ya tatu, au mnukuzi atapata kazi nyingine na atahitajika wa pili. Aya iliyoandikwa kwa usahihi inamlazimu mtafiti kuomba marekebisho kabla ya kubadili, na watu wengine huiogopa kwa sababu hiyo. Marekebisho ya namna hii huhitaji barua fupi inayotaja sentensi ya zamani, sentensi mpya na sababu.

Kompyuta ikiibwa kwenye basi, mambo ni tofauti. Kenya, chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Kamishna wa Data hutakiwa kuarifiwa ndani ya saa 72 tangu uvujaji unaoweza kuwadhuru wahusika ugunduliwe, na popote pale kamati iliyotoa kibali inapaswa kujua. Mwanafunzi mwenye aya ile ya kwanza hawezi kusema kilichopotea, kwa kuwa hakuwahi kuandika alikuwa na nini. Mwenye aya ya pili ataandika kwamba mahojiano 11 yalikuwa kwenye kompyuta, yote ndani ya hifadhi iliyosimbwa, nywila haikuwa ndani ya begi, ufunguo wa majina ulikuwa kwenye kabati la idara, na nakala ipo. Kisha ataomba kibali cha kuendelea kwa kompyuta nyingine, na kuambatisha ripoti ya polisi.